Flashi imegoma, triga haina kosa

Mpiga picha wa studio akikwambia triga yake imekufa, usimpeleke dukani kwanza. Muulize: ukibonyeza kitufe cha TEST kilichoko kwenye triga yenyewe, flashi inawaka? Wengi hawana jibu kwa sababu hawajakibonyeza. Wamebonyeza shata ya kamera, flashi ikanyamaza, wakabonyeza tena kwa nguvu zaidi, wakazima na kuwasha kila kitu, mwisho wakamtuma kijana akaulizie bei ya triga mpya.

Swali hilo linaigawa kazi yote mapande mawili. Shata inapofunguka, kamera inafanya jambo dogo sana juu ya kichwa chake: inaunganisha pini ya katikati ya hotishu, yaani kile kibanio cha kushikia flashi, na bati la pembeni la kibanio hichohicho. Ni swichi tu, kama ya kengele ya mlangoni. Triga ikihisi viwili hivyo vimeungana, inarusha mawimbi ya redio. Risiva, iwe imechomekwa ubavuni mwa flashi au imejengwa ndani yake, inayapokea, inaangalia kama yametoka kwenye chaneli yake, kisha inaiamuru flashi iwake.

TEST ya triga inaruka hatua ya kwanza, kwa kuwa haiihitaji kamera. Kwa hiyo flashi ikiwaka kwa TEST lakini ikagoma kwa shata, ugonjwa uko kwenye kamera, kwenye hotishu au kwenye mguu wa triga. Isipowaka hata kwa TEST, iweke kamera mezani, haihusiki. Shughulikia betri, chaneli na flashi. Flashi nayo ina TEST yake mgongoni, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Ikigoma hapo, triga haina kesi ya kujibu: angalia waya wa umeme, fyuzi, na taa ndogo inayoonyesha kwamba flashi imeshajaa.

Tuchukue studio moja ya picha za paspoti, mfano wa zile zinazopangana mlango kwa mlango kwenye korido za maghorofa ya Kariakoo. Mwenyewe ana kamera ya Canon, triga ya gigahezi 2.4 inayotumia betri mbili za AA, na flashi mbili za kuchomeka ukutani zenye risiva ndani. Ya kushoto ni kundi A, ya kulia ni kundi B. Jumatatu asubuhi anamkalisha mteja wa kwanza, anabonyeza shata, hakuna kinachowaka. Anabonyeza TEST kwenye kila flashi: zote mbili zinawaka. Anabonyeza TEST kwenye triga: ya kulia inawaka, ya kushoto imenyamaza.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kumbe kuna hitilafu mbili kwa wakati mmoja, na hazihusiani. Ya kwanza inaifunga flashi ya kushoto isisikie redio. Ya pili inaizuia kamera isiipe triga taarifa yoyote. Anayejaribu kuzitibu pamoja, akigusa huku na kule, ataitengeneza moja bila kujua, kisha ataona flashi bado zimegoma, na atairudisha ile aliyoitengeneza katika hali yake mbovu. Dawa ni kumaliza upande wa redio kwanza, kwa kutumia TEST peke yake, mpaka flashi zote ziitike. Shata inasubiri zamu yake.

Chaneli, kundi na majirani

Kwenye kioo cha triga kuna herufi CH na namba pembeni yake. Kwenye kioo cha flashi ya kushoto kuna CH vilevile. Namba hizo lazima zifanane. Katika studio yetu triga inasoma 1, flashi ya kushoto inasoma 3. Aliyeibadilisha pengine hakujua kama ameibadilisha: kwenye baadhi ya flashi kitufe kimoja kinabeba kazi mbili, ukikigusa unabadili kundi, ukikishikilia kidogo unabadili chaneli. Mtu aliyeifuta vumbi kwa kitambaa, au aliyeishika mgongoni akiihamisha kona, anatosha kuihamisha chaneli pia.

Chaneli zikifanana na flashi bado haiitiki, tazama kundi. Triga nyingi za leo zinaweza kulizima kundi moja na kuacha mengine, na kundi lililozimwa huonekana kwenye kioo kwa vistari viwili mahali pa kiwango cha mwanga. Mpiga picha alilizima Jumamosi alipotaka mwanga wa upande mmoja, Jumatatu amesahau. Mifumo mingine inaongeza namba ya utambulisho, ID, juu ya chaneli. Kwenye mfumo wa X wa Godox, ambao umeenea sana katika studio za hapa, kuna chaneli 32, na ID inaweza kuzimwa au kuwekwa kuanzia 1 hadi 99. Chaneli ikifanana na ID ikitofautiana, flashi haitawaka. Vyote vitatu lazima vipatane.

Wenye triga za zamani kidogo, zile za megahezi 433 zisizo na kioo, wana mtihani wa aina nyingine. Chaneli zao zinapangwa kwa swichi nne ndogo mithili ya punje za mchele, kila moja ikiwa juu au chini, na swichi nne hutoa mipangilio 16. Risiva ikiwa imechomekwa kichwa chini, swichi zake zinaonekana kinyume na za triga, na jicho linadanganyika kwamba zimelingana. Usilinganishe kwa sura. Soma namba 1, 2, 3, 4 zilizochapwa kando ya kila swichi, linganisha moja kwa moja yake, na uzisukume kwa ncha ya kijiti cha meno hadi zigote. Swichi iliyoishia katikati si juu wala si chini.

Kwa nini tusiache kila kitu kwenye chaneli 1 tukaepuka shida zote hizi? Kwa sababu jirani naye ameiacha hapo. Kwenye korido yenye studio nne, triga za aina moja zikiwa kwenye chaneli 1, flashi yako itawaka kila jirani anapopiga picha, na wakati mwingine utabonyeza shata sekunde ileile flashi yako inapojijaza tena baada ya kuitika amri ya mwenzako. Kwako itaonekana imegoma, kumbe imetoka kufanya kazi ya watu. Dalili ni rahisi: flashi inawaka yenyewe wakati hujagusa kitu. Ukiiona, hama chaneli au weka ID, na mkubaliane na majirani nani achukue ipi.

Waifai nayo ipo kwenye masafa hayohayo ya gigahezi 2.4, na ghorofa zima limejaa ruta. Kwa kawaida haizuii triga kabisa, bali huifanya iruke picha moja kati ya kadhaa. Namba za chaneli za triga si zile za waifai, kwa hiyo kuhama kutoka 1 kwenda 2 kunaweza kusikuondoe kwenye kelele. Ruka mbali, tuseme kutoka 1 hadi 20, kisha jaribu tena. Triga zenye neno SCAN kwenye menyu zitakutafutia chaneli zilizo tulivu zenyewe.

Jambo jingine linawahusu hasa wenye vyumba vidogo. Mawimbi yakiwa na nguvu kupita kiasi kwa karibu mno, risiva inashindwa kuyasoma. Ndiyo maana baadhi ya triga, zikiwemo za Godox, zina mpangilio unaoitwa DIST wenye chaguo mbili: 1-100m na 0-30m. Chumba cha paspoti mara nyingi hakizidi hatua nne, na flashi inaweza kuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kamera. Weka 0-30m. Nimeona watu wakibadilisha betri mara kwa mara kumbe wangesogea nyuma hatua mbili tu, flashi ingewaka.

Taa ya triga inawaka, betri imekwisha

Kioo cha triga kung'aa hakumaanishi kwamba betri inafaa. Kuwasha kioo au kitaa chekundu kunahitaji umeme kidogo sana. Kurusha redio kunahitaji zaidi, kwa mkupuo. Betri iliyochoka inalimudu la kwanza na kuanguka kwenye la pili. Utaitambua kwa tabia zake: flashi inawaka ukiwa karibu na inagoma ukirudi nyuma, inawaka picha mbili tatu za mwanzo kisha inanyamaza, ukiiacha ipumzike wakati unazungumza na mteja, inafufuka kwa picha moja. Redio iliyo kwenye chaneli isiyo yake haifufuki namna hiyo. Ikigoma imegoma.

Ukiwa na mita ya fundi, betri mpya ya AA ya alkali inasoma volti 1.5 au juu yake kidogo. Ikishuka hadi karibu 1.2 bila kazi yoyote, imebakiza kidogo sana. Betri za kuchaji, zile za NiMH, ni za volti 1.2 kwa asili, na zinaweza kukaa hapo kwa muda mrefu huku zikifanya kazi vizuri, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo cha alkali wala kwa picha ya betri kwenye kioo. Triga ndogo za megahezi 433 mara nyingi zinatumia betri ya 23A ya volti 12, ileile ya rimoti za mageti. Hii ndiyo betri inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa imejificha na watu hawajui kama ipo. Ikisoma chini ya 11, nunua nyingine. Na usisahau betri za risiva: mtu anabadilisha za triga mara mbili, za risiva zimo tangu mwaka jana.

Onyo moja kuhusu madukani. Kuna betri za lithiamu za 14500 zenye umbo lilelile la AA, lakini kila moja ina volti 3.7. Ukizitia mbili kwenye triga iliyotengenezwa kwa volti 3, umeipa zaidi ya 7, na hapo triga itakufa kweli. Soma maandishi yaliyo kwenye ganda kabla ya kulipa.

Mwisho wa betri ni chumba chake. Betri ya alkali iliyoachwa humo kwa miezi inavuja na kuacha unga mweupe au wa kijani kwenye springi, na springi yenye unga haipitishi umeme hata ukiweka betri mpya. Lowesha pamba ya masikioni kwa siki, sugua unga uishe, kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti na uache pakauke. Walioko pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, waufungue mlango huo mara nyingi zaidi kuliko walioko Dodoma, maana hewa ya chumvi haingoji betri ivuje ndipo ianze kula chuma.

Tumerudi kwenye studio yetu. Flashi ya kushoto imehamishiwa chaneli 1, betri zimepimwa, TEST ya triga inawasha flashi zote mbili, mara kumi kati ya kumi. Sasa ndipo tunaishika kamera.

Bati la pembeni

Anabonyeza shata. Kimya. Anaikandamiza triga kwa dole gumba huku akibonyeza tena, na flashi zinawaka. Akiachia, kimya. Hilo la dole gumba ni jibu tosha: kuna pointi haigusani.

Kabla ya kusafisha, lipo jaribio linalomaliza ubishi kati ya kamera na triga. Itoe triga kwenye kamera ikiwa imewashwa, igeuze miguu juu. Katikati ya mguu utaona pini moja kubwa kuliko nyingine, na ubavuni mwa mguu kuna bati, au ulimi mdogo wa chuma. Chukua kipini cha karatasi kilichonyooshwa, gusisha pini ya katikati na bati la ubavuni kwa mara moja. Umefanya ileile kazi inayofanywa na kamera. Flashi zikiwaka, triga ni nzima toka mguuni hadi kwenye redio. Usiguse zile pini ndogo nyingine, na usijaribu hivi kwenye tundu la waya la flashi za zamani, kwa kuwa baadhi yake zina volti zaidi ya mia hapo.

Triga ya studio yetu inafaulu jaribio hilo. Zinabaki sababu mbili za karibu. Ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni kwamba triga haijaingia hadi mwisho. Pini za kamera na za triga hukutana kwenye eneo dogo sana, na upungufu wa milimita moja unatosha kuzikosanisha. Kosa linatoka kwenye mpangilio wa mikono: mtu anaanza kukaza pete ya kufungia kabla mguu haujagota mbele, pete inabana, naye anaamini imekaa. Legeza pete kabisa, sukuma triga hadi isikubali tena, ndipo ukaze. Fanya hivyo kamera na triga vikiwa vimezimwa.

Ya pili ni uchafu, na hapa watu husafisha nusu tu. Wanachukua raba ya penseli, wanaisugua pini ya katikati hadi ing'ae, wanapuliza, wanajaribu, kimya. Umeme unahitaji kwenda na kurudi. Unakwenda kwa pini ya katikati na unarudi kwa reli za pembeni za hotishu, na reli hizo ndizo zinazobeba jasho la mikono, poda na vumbi la kila siku. Kwenye kamera nyingine reli zimepakwa rangi nyeusi, na rangi haipitishi umeme. Njia ya kurudi inabaki kuwa ile springi nyembamba ya bati iliyo chini ya reli, ambayo nayo ikikandamizwa na vifaa vizito kwa miaka inalala na kuacha kugusa. Ndiyo maana dole gumba lilifaulu: lilikuwa linausukuma mguu wa triga ukutane na bati.

Safisha basi reli zote mbili upande wa ndani, juu na chini, kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha bati la ubavuni mwa mguu wa triga, kisha pini. Raba itumike kidogo tu na vumbi lake lipulizwe nje, lisiangukie ndani ya kamera. Kama springi imelala, fundi anaweza kuiinua kwa ncha ya bisibisi ndogo. Usiing'oe, maana bila hiyo triga italegalega. Usipitishe msasa: utaondoa utando unaozilinda pini na kuzialika kutu. Katika studio yetu spiriti kwenye reli ndiyo iliyomaliza kazi. Pini ya katikati ilikuwa safi tangu mwanzo.

Pini safi, bado kimya

Zipo kamera ambazo zitagoma hata zikisafishwa mpaka jioni, kwa sababu menyu ndiyo imekataza. Shata ya kimya, ile ya kielektroniki isiyo na mlio, kwenye kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani inaizima flashi. Rudisha shata ya kawaida. Kwenye Canon nyingi za zamani zenye kioo kuna mtego uliofichika zaidi: unaitwa Silent LV shoot, na ukiwa kwenye Mode 1 au Mode 2, flashi au triga isiyo ya Canon haiwaki unapopiga kwa kutazama skrini ya nyuma. Weka Disable. Wapiga paspoti wanaupenda mtindo wa skrini kwa sababu ya mistari ya kupangia kichwa, kwa hiyo wao ndio wanaonaswa zaidi. Namna ya kuubaini ni kupiga picha moja ukiangalia kwa jicho kwenye kidirisha cha juu: ikiwaka huko na kugoma kwenye skrini, hotishu haina kosa.

Halafu ipo kamera isiyo na pini yenyewe. Canon EOS 250D, iliyotoka mwaka 2019, haina pini ya katikati. Hotishu yake inazungumza kwa pini ndogo tu, kwa lugha ya Canon. Triga ya bei nafuu inayotegemea pini ya katikati haitawaka juu yake kwa ujanja wowote, na aliyeuza vyote viwili pamoja alipaswa kusema. Kwa kamera hiyo inatakiwa triga iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, ambayo mtengenezaji wake ameitaja kamera hiyo kwa jina. Hata kwa kamera nyingine, tazama herufi ya mwisho kwenye jina la triga unayonunua mkononi: C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Pini ndogo za kila kampuni zimekaa mahali tofauti.

Na mara nyingine flashi imewaka, ila picha imetoka nyeusi. Macho ya mteja yameona mwanga, kamera haikuuona, kwa sababu spidi ya shata imepita uwezo wake wa kulingana na flashi. Kwenye kamera nyingi za kawaida mpaka ni 1/200 au 1/250, na triga ya redio inachukua muda wake kidogo. Ukiona upande mmoja wa picha una utepe mweusi, shuka hadi 1/160 au 1/125. Huo si ugonjwa wa triga wala wa betri.

Yote haya yakishindikana na umeamua kwenda kwa fundi, mpelekee kamera, triga na flashi moja, vyote vitatu, na betri zilezile ulizokuwa ukitumia. Triga ikienda peke yake, fundi ataiweka juu ya kamera yake, itawaka, na utarudi studio ukiwa umelipa bure.